Pembe moja hailipwi mara mbili

Ndugu mkulima, na wewe ndugu yangu unayeuza nguzo pale senta, leo naandika nikiwa na hasira kidogo, mnisamehe. Wiki iliyopita nilikuwa kwa mama mmoja huku kwetu Kisesa (Kisesa hii ya Magu, barabara ya Musoma, siyo ile ya Meatu). Analima nyanya, mchicha na bamia, na mbuzi wa majirani wamemchosha. Ameamua kuzungushia shamba seng'enge. Fundi amemwandikia karatasi: nguzo 56. Akanipa ile karatasi akasema, "Bwana shamba, mwanangu, hebu niangalizie kama hii ni sawa."

Haikuwa sawa. Kilichoniudhi ni kwamba siyo karatasi ya kwanza ya namna hiyo kuiona. Kosa ni lile lile kila mara, na kila mara anayelipa ni mwenye shamba.

Fundi alifanya hivi. Alipima kila upande, akagawanya kwa mita 3, akajumlisha moja, kisha akajumlisha pande zote. Mwisho akaongeza mbili za geti. Ukimuuliza ile moja ya nini, anakuambia ni ya mwisho wa upande. Ni kweli, mstari ulionyooka unahitaji nguzo moja zaidi ya nafasi zake. Nyosha vidole vyako vitano uhesabu nafasi kati ya kidole na kidole, utapata nne. Hapo hatugombani.

Lakini shamba lililozungushwa siyo mstari. Watoto watano wakisimama kwenye mstari wakashikana mikono, mikono imeshikana mahali pane. Waambie wafunge duara, wa kwanza amshike wa mwisho, mikono inashikana mahali patano. Watoto ni wale wale watano. Hajaongezeka mtu, ila mstari umejifunga. Uzio unaozunguka shamba ni duara lenye pembe tu, kwa hiyo idadi ya nguzo ni sawa na idadi ya nafasi. Ile "jumlisha moja" inakufa pale uzio unapokutana na mwanzo wake.

Fundi anayejumlisha moja kila upande amehesabu kila pembe mara mbili. Nguzo ya pembe ni mwisho wa upande huu na ni mwanzo wa upande unaofuata, lakini shimo ni moja na nguzo ni moja. Shamba la pembe nne linazidi nguzo nne, la pembe tano linazidi tano. Hizo tano ulizilipia, ukazibeba kwa mkokoteni, halafu hazina shimo la kuingia.

Nilipomwambia fundi akacheka. "Mtaalamu, nguzo kubaki ni heri kuliko nguzo kupungua." Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi mpaka nimeyachoka. Nguzo inayobaki inaenda wapi? Mara nyingi inachomekwa mahali popote ili shimo lihesabiwe, kwa sababu mafundi wengi huku wanalipwa kwa shimo. Au inalala nyuma ya nyumba mpaka mchwa waimalize. Sijaona hata moja iliyorudishwa kwa muuzaji na pesa ikarudi.

Nirudi kwa yule mama, maana shamba lake linafundisha kuliko mraba. Lina pande tano. Upande mmoja limekatwa na mwamba, ile miamba yetu mnayoijua, kwa hiyo mpaka umepinda kuufuata. Tulichukua futikamba, tukapiga vigingi kwenye pembe zote tano, tukapima upande mmoja mmoja. Tulipata mita 40, mita 31, mita 19, mita 25 na mita 22. Alitaka nguzo zisiachane zaidi ya mita 3, na kwa mbuzi namuunga mkono.

Njia ya fundi: 40 kugawanya kwa 3 ni 13 na kitu, anaipandisha kuwa 14, jumlisha moja, 15. Akienda hivyo anapata 15, 12, 8, 10 na 9. Jumla 54. Weka mbili za geti, 56.

Sasa ipo njia nyingine ambayo wengi mnaifanya mkijiona wajanja, na mimi mwenyewe niliwahi kuifanya mwaka wangu wa kwanza kazini. Unajumlisha pande zote kwanza, unapata mita 137, unagawanya kwa 3, unapata 45 na ushee, unapandisha kuwa 46. Unasema nguzo ni 46, duara limejifunga, kazi imeisha. Niliposhauri hivyo kwa mzee mmoja, tulifika upande wa mwisho nguzo zikaisha bado kuna uwazi. Mzee hakunigombeza, alinitazama tu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Nilipanda pikipiki kwenda kutafuta nguzo jioni ile kwa bei ya mtu mwenye shida.

Kosa langu lilikuwa kusahau kwamba pembe inadai nguzo mahali pale pale ilipo. Huwezi kupita pembe ukiwa katikati ya nafasi. Ukianza pembe ya kwanza ukapiga mita 3, mita 3, kwenye upande wa mita 40, nafasi ya 13 inaishia mita 39. Imebaki mita moja kufika pembeni. Hesabu ya jumla inaichukua ile mita moja na kuipeleka upande wa pili, kana kwamba waya unaweza kukata kona bila nguzo. Hauwezi. Ile mita moja ni nafasi kamili, fupi, lakini inahesabiwa. Kila upande wenye kipande kinachobaki unafanya hivyo hivyo, na ndiyo maana kadiri shamba linavyokuwa na pembe nyingi ndivyo hesabu ya jumla inavyozidi kukudanganya.

Kwa hiyo hesabu ya kweli iko katikati. Gawanya kila upande peke yake, pandisha kila upande peke yake, usijumlishe moja. Upande wa 40 ni nafasi 14, wa 31 ni 11, wa 19 ni 7, wa 25 ni 9, wa 22 ni 8. Jumla ni nafasi 49, na nguzo 49. Fundi amezidisha tano, na mimi wa mwaka ule ningepunguza tatu.

Kama hesabu ya kwenye karatasi inakusumbua, fanya kwa miguu. Simama kwenye pembe ya kwanza, hesabu kigingi cha pembe hiyo, tembea ukihesabu kila alama, na ukifika pembe inayofuata usiihesabu bado. Geuka, anza upande wa pili kwa kuhesabu pembe hiyo. Kila upande unamiliki pembe yake ya kuanzia tu. Ukirudi ulipoanzia, simama, ile ya kwanza umeshaihesabu. Mjukuu wa yule mama, yuko darasa la sita, aliifanya akapata 49 bila kikokotoo cha simu.

Kuna swali zuri ambalo mama aliuliza, na fundi angepaswa kuuliza kabla yake. Kile kipande kifupi kinachobaki, lazima kikae mwishoni? Hapana, na ni vibaya kukiacha pale. Chukua urefu wa upande ugawanye kwa nafasi ulizopata. Mita 40 kwa nafasi 14 ni mita 2 na sentimita 86, hivi. Piga alama kwa umbali huo tangu mwanzo, nguzo zote zitaachana sawa na ya mwisho itaangukia kwenye pembe yenyewe. Upande wa mita 19 utaachana mita 2 na sentimita 71. Hakuna sheria inayosema pande zote ziachane sawa. Sheria ni kwamba hakuna nafasi inayozidi kile ulichoamua.

Mwingine atasema, mbona usipunguze badala ya kupandisha? Mita 40 kwa nafasi 13 ni mita 3 na sentimita 8, nani ataziona sentimita 8? Ni hoja ya haki. Kama unazuia ng'ombe tu, na mita 3 ilikuwa makadirio, nyosha, utaokoa nguzo. Kwenye shamba hili nafasi ndefu kuliko zote ingekuwa mita 3 na sentimita 17, kwenye ule upande wa 19. Ng'ombe hatajali. Mbuzi anajali. Yeye anatafuta mahali waya unapolegea katikati ya nguzo mbili, anaingiza kichwa, mwili unafuata. Kwa mbuzi napandisha, sinyoshi. Na kama unatumia wavu au mabati ya urefu maalumu badala ya seng'enge, huwezi kunyosha kabisa, kipande hakifiki.

Sasa geti. Watu wanaongeza nguzo mbili za geti kama desturi, bila kufikiri. Geti ni nafasi kama nafasi nyingine, ila haina waya. Nguzo zake mbili tayari ziko kwenye hesabu. Wakati mwingine geti linapunguza nguzo. Mama alitaka geti la mita 4 ili mkokoteni wa ng'ombe upite bila kugonga, akaliweka kwenye upande wa mita 31. Toa 4, zimebaki 27. Tulilisogeza geti kidogo ili upande mmoja zibaki mita 12 na mwingine mita 15. Kumi na mbili ni nafasi 4, kumi na tano ni nafasi 5, na geti ni nafasi moja. Jumla 10, wakati mwanzo zilikuwa 11. Nguzo zikashuka kutoka 49 hadi 48. Tungeliweka mahali ambapo zinabaki mita 13 na 14, tungerudi kwenye 11. Kusogeza geti mita moja kabla ya kuchimba hakugharimu kitu.

Ila usiliweke geti kwenye pembe. Hata kama utaokoa nguzo moja, utaijutia, kwa sababu nguzo ile itavutwa na waya huku inabeba uzito wa geti linalofunguliwa na kufungwa kutwa nzima.

Na hapa ndipo nina ugomvi mkubwa zaidi na ile karatasi ya nguzo 56. Zote 56 zilikuwa za unene mmoja, na hapakuwa na hata mti mmoja wa kuegemeza pembe. Yaani pembe zilihesabiwa mara mbili kwenye pesa, lakini kwenye kazi hazikuhesabiwa hata mara moja.

Nguzo ya katikati inashikilia waya usishuke, waya unapita mbele yake na haumvuti mtu. Nguzo ya pembe inavutwa na pande mbili kwa wakati mmoja, na nguvu mbili hizo zinaiangusha kuelekea ndani ya shamba. Kwa hiyo inatakiwa iwe nene kuliko nyingine na iingie chini zaidi. Mimi nashauri sentimita 60 kwa za kawaida na sentimita 90 kwa za pembe, hasa kwenye luseni, maana mchanga haushiki. Kisha kila pembe iwe na miti miwili ya kuegemeza, mmoja kwenye mstari wa kila upande, iliyolala kwa mshazari. Juu inasukuma nguzo ya pembe, chini imekanyaga jiwe au kigogo kilichozikwa. Mti mmoja hautoshi, kwa sababu mivuto ni miwili. Nguzo za geti nazo zipate mmoja mmoja, upande wa waya.

Pembe iliyoshindwa utaitambua mapema. Nenda nyuma ya nguzo, upande wa nje, uangalie chini. Ukiona udongo umeachana na mti, kidole kinaingia, pembe imeanza kulala. Baada ya hapo waya wote wa upande ule unalegea, ingawa nguzo za katikati zimesimama wima kabisa. Watu wanakimbilia kuongeza nguzo katikati. Hata uongeze ishirini, waya hautakaza, kwa sababu ugonjwa uko pembeni.

Hebu tuweke pesa, ili muone siyo maneno. Bei hubadilika, kwa hiyo chukua hizi kama mfano tu: nguzo ya kawaida shilingi 5,000, nguzo nene 9,000, mti wa kuegemeza 4,000. Katika nguzo 48 za mama, tano ni za pembe na mbili za geti, kwa hiyo nene ni 7 na za kawaida ni 41. Miti ya kuegemeza ni 10 ya pembe na 2 ya geti, jumla 12. Za kawaida ni shilingi 205,000, nene 63,000, za kuegemeza 48,000. Jumla 316,000. Karatasi ya fundi, nguzo 56 kwa 5,000, ilikuwa 280,000.

Ndiyo, yangu imezidi kwa 36,000, na sitaficha. Mama naye aliona, akakunja uso. Lakini angalia ndani yake. Kwenye 280,000 ya fundi kuna nguzo nane zisizo na mahali, yaani 40,000 iliyotupwa, na hakuna pembe hata moja iliyoegemezwa. Zile 40,000 zinakaribia kulipia miti yote 12 ya kuegemeza. Mama alikuwa anatozwa bei ya pembe imara halafu anapewa nguzo za kulaza nyuma ya nyumba.

Kwako wewe muuzaji wa nguzo, nina jambo moja na naomba usikasirike. Acha kumwambia mteja "eka moja ni nguzo mia na kitu". Nguzo hazifuati eka, zinafuata mzunguko na pembe. Chukua eka ya kwetu ya mita 70 kwa 70 (eka ya vitabuni ni mita za mraba 4,047, yetu ni 4,900, lakini tuiache). Kwa mita 3, kila upande ni nafasi 24, jumla nguzo 96. Chukua eneo lile lile likiwa refu, mita 35 kwa 140, kama mashamba mengi yaliyogawanywa kwa urithi. Nafasi ni 12 na 47, mara mbili, nguzo 118. Ukubwa ule ule, tofauti nguzo 22. Mteja wa kwanza ukimwambia 118 umemwibia bila kujua. Wa pili ukimwambia 96 atarudi kwako amenuna, na safari hii atakuwa na maneno. Muulize pande ngapi na kila upande mita ngapi. Utauza nguzo chache kidogo kwa mmoja, lakini utamuuzia nguzo nene na miti ya kuegemeza ambayo leo hakuna anayeiulizia.

Na wewe mkulima, mita, siyo hatua. Hatua yako na ya fundi hazilingani, na asubuhi hazilingani na jioni. Futikamba ya mita 50 wachangie watu watano mnunue moja.

Lipo jambo la jirani, nalo linageuza hesabu, kwa hiyo niliseme kabla sijamaliza. Upande wa mita 22 wa yule mama unapakana na mtu ambaye ana mpango wa kuzungushia kwake. Kama jirani angekuwa ameshaweka uzio pale, mama angebaki na pande nne tu, nafasi 14, 10, 7 na 9, jumla 40. Hapo duara halijifungi tena, limekuwa mstari, na ile "jumlisha moja" ya fundi inafufuka: nguzo 41. Lakini mara moja tu kwa mstari mzima, siyo kila upande. Na kama jirani amekubali ufunge waya kwenye nguzo zake za mwisho, huku na huku, hata hizo mbili huzihitaji, zinabaki 39. Ila kabla hujafunga, kazitikise. Nguzo yake ya mwisho ilikuwa inavutwa na waya wake, sasa unaiongezea wako, na kama haikuegemezwa itakuangukia wewe na yeye.

Unapopiga alama ukakutana na jiwe ambalo halichimbiki, sogeza nguzo kwenye mstari mpaka upate udongo, kisha pima nafasi mbili za jirani zake. Moja ikizidi mita 3, ongeza nguzo moja hapo, na uiandike, usiichukue kwenye upande mwingine. Huku kwenye miamba mimi huongeza nguzo mbili za akiba kwa kazi nzima, na huziandika kwa jina lake: akiba.

Mama ameshanunua 48 zake, miti 12 na akiba mbili. Fundi ni yule yule, tumekubaliana alipwe kwa mita badala ya shimo. Wiki ijayo wanaanza na pembe.

Ukija ofisini kuniuliza nguzo ngapi, usije na eka. Njoo na karatasi yenye mchoro wa shamba, hata kama umechora vibaya, urefu wa kila upande kwa mita, mahali unapotaka geti na upana wake, na uniambie unazuia mnyama gani. Ninapatikana Jumatatu na Alhamisi asubuhi, siku nyingine niko mashambani.